Jeli haikupanda: kutafuta kosa la sentrifuji kwa kasi na nusukipenyo

Tyubu ya damu yenye jeli, ile ya kizibo cha manjano au dhahabu, ikitoka kwenye sentrifuji ikiwa sawa huonyesha tabaka tatu: bonge la damu chini, jeli katikati, seramu safi juu. Jeli imetengenezwa iwe nzito kuliko seramu na nyepesi kuliko chembe nyekundu. Seramu ina densiti ya karibu gramu 1.03 kwa mililita, chembe nyekundu karibu 1.1, na jeli iko kati ya hapo. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo mezani jeli ingebaki chini mwezi mzima. Inahitaji kusukumwa kwa nguvu nyingi kuliko ile ya dunia, na watengenezaji wengi wa tyubu hizi hutaka mara 1,000 hadi 1,300 ya mvutano wa dunia, kwa dakika 10 katika sentrifuji ya vikombe vinavyoning'inia au dakika 15 katika ile ya mashimo ya mshazari.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefungua kifuniko akakuta jeli bado iko chini, au imelala upande, au mashine inatetemeka inapopanda kasi. Dalili hizi zina chanzo kimoja kinachopaswa kuchunguzwa kabla ya vingine, nacho ni nguvu ambayo sampuli iliipata kweli. Namba iliyowashwa kwenye kioo cha mashine mara nyingi huwa ni ya kasi tu. Sampuli haihisi kasi. Inahisi mchapuko, na mchapuko huo unatokana na vitu viwili kwa pamoja: mashine inazunguka kwa haraka kiasi gani, na sampuli iko mbali kiasi gani na mhimili.

Hesabu yenyewe ni hii. Mizunguko kwa dakika, yaani RPM, inageuzwa kuwa radiani kwa sekunde, tuiite ω. Ukizidisha ω kwa ω, kisha kwa nusukipenyo r kwa mita, unapata mchapuko. Gawanya kwa 9.81 ujue ni mara ngapi ya mvutano wa dunia; hiyo ndiyo RCF, ile nguvu tunayoizungumzia. Mafundi wengi hutumia njia ya mkato, ambapo r iko kwa sentimita:

```
ω   = 2π × RPM / 60
RCF = ω² × r / 9.81                  (r kwa mita)
RCF = 0.00001118 × r × RPM²          (r kwa sentimita)
```

Angalia kwamba kasi imepandishwa kwa kipeo cha pili na nusukipenyo hakikupandishwa. Nusukipenyo kikipungua kwa nusu, nguvu nayo inapungua kwa nusu. Kasi ikipungua kwa nusu, nguvu inabaki robo. Makosa mengi yaliyo hapa chini yanatoka kwenye tofauti hiyo.

Mashine mpya, kasi ileile, jeli haipandi

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa mara nyingi kuliko zote, na karibu kila mara mashine haina ubovu wowote. Chukua maabara ya kituo cha afya iliyokuwa na sentrifuji kubwa ya mezani yenye vikombe vinavyoning'inia. Ukutani kuna karatasi imebandikwa: 2,600 kwa dakika 10. Mashine ile inachoka, wanaletewa nyingine ndogo ya mashimo ya mshazari, na karatasi inabaki palepale. Siku ya kwanza jeli inabaki chini kwenye tyubu zote, au inapanda kidogo na kusimama ndani ya bonge la damu. Lawama inaenda kwa mashine mpya, na wakati mwingine kwa tyubu.

Pima. Kwenye mashine ya zamani, kutoka katikati ya mhimili hadi kitako cha tyubu, kikombe kikiwa kimelala mlalo, ni sentimita 17. Mizunguko 2,600 kwa dakika ni radiani 272 kwa sekunde. 272 mara 272 ni karibu 74,000. Zidisha kwa 0.17 upate mchapuko wa karibu mita 12,600 kwa sekunde kwa sekunde. Gawanya kwa 9.81: takriban 1,285. Karatasi ya ukutani ilikuwa sahihi kabisa, lakini kwa mashine ile peke yake.

Kwenye mashine ndogo, kutoka mhimili hadi kitako cha tyubu ni sentimita 9. Kasi ni ileile 2,600. Nguvu inakuwa 680 tu. Jeli iliyohitaji angalau 1,000 imepewa theluthi mbili ya hapo, tena pale kitakoni ambako nguvu ni kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya tyubu.

Ukitaka 1,300 kwa sentimita 9, geuza hesabu:

```
RPM = √( RCF / (0.00001118 × r) )
RPM = √( 1300 / (0.00001118 × 9) ) ≈ 3600
```

Weka 3,600, na kwa sababu ni mashine ya mshazari weka dakika 15. Kabla ya hapo hakikisha rota inaruhusiwa kufika kasi hiyo. Kikomo chake huwa kimechongwa kwenye rota yenyewe au kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kisha badilisha karatasi ya ukutani iseme nguvu, nusukipenyo na kasi, vyote vitatu, na ibandike kwenye mashine badala ya ukutani.

Wapo wanaojaribu kufidia nguvu ndogo kwa muda mrefu: kama 680 ni nusu ya 1,300, basi tuzungushe dakika 20. Kwa chembe zinazozama ndani ya plazma isiyo na jeli hoja hiyo inakaribia ukweli, kwa kuwa chembe huzama kwa mwendo unaolingana na nguvu. Kwa jeli haifanyi kazi. Jeli hizi hukaa kama kitu kigumu hadi msukumo upite kiwango fulani, ndipo zinaanza kutiririka. Msukumo ukiisha zinaganda tena. Chini ya kiwango hicho unaweza kusubiri saa nzima na jeli isisogee.

Na usirudishe tyubu ileile ya jeli kwenye mashine mara ya pili baada ya kurekebisha kasi, hasa kama imekaa. Seramu iliyobaki imegusana na chembe imekuwa ikipokea potasiamu inayovuja kutoka ndani yake, na jeli ikipanda sasa itaifungia juu pamoja na seramu nzuri. Mgonjwa atasomeka ana potasiamu nyingi ambayo hana. Omba damu nyingine.

Nusukipenyo kipi?

Swali hili halikwepeki, kwa sababu tyubu ina urefu na kila sehemu yake iko umbali tofauti na mhimili. Kwenye ile mashine kubwa, kitako kiko sentimita 17 na mdomo wa tyubu ya sentimita 10 uko sentimita 7. Kitakoni nguvu ni 1,285, mdomoni ni kama 530. Katikati, pale jeli inapotakiwa kufika, nguvu ni karibu 900.

Namba ya nguvu inayoandikwa na watengenezaji kwa kawaida ni ya kitakoni, yaani nusukipenyo kikubwa kabisa, basi pima hapo ulinganishe jambo moja na jambo lilelile. Chomoa waya wa umeme kwanza. Inua kikombe kwa mkono hadi kilale mlalo, weka rula kutoka kwenye nati ya katikati hadi kitako cha tyubu, si hadi kitako cha kikombe. Kama kuna mpira au adapta chini ya tyubu, iache ndani wakati wa kupima. Adapta nene ya sentimita 2 kwenye mashine ya sentimita 9 inakunyang'anya zaidi ya asilimia 20 ya nguvu, na nimeona tyubu fupi za watoto zikiwekwa juu ya adapta mbili kwenye rota ndogo, kisha watu wakashangaa kwamba tyubu za watu wazima katika mzunguko uleule zimetoka vizuri na za watoto hazikutoka. Ukiona tyubu za aina moja tu ndizo zinazoshindwa, tazama zimekaa wapi.

Mashine ileile ilikuwa inafanya kazi, sasa imeanza kushindwa

Hapa nusukipenyo hakijabadilika, kwa hiyo mshukiwa ni kasi. Uzito wa kipeo cha pili unaonekana vizuri zaidi hapa. Tuseme ile mashine kubwa imewekwa 2,600 lakini kwa kweli inazunguka 2,100. Kasi imepungua kwa chini ya asilimia 20, na kwa sikio si rahisi kugundua. Nguvu imeshuka kutoka 1,285 hadi 838. Imepotea zaidi ya theluthi, na jeli imebaki chini ya kiwango chake.

Sababu mbili ndizo za kawaida kwenye mashine za mota yenye brashi. Ya kwanza ni brashi za kaboni zilizokwisha: mota inachelewa kupanda, inatoa harufu ya kuungua kidogo, pengine cheche zinaonekana, na vumbi jeusi linajaa ndani. Ya pili ni umeme mdogo. Mashine za zamani zenye kitasa cha namba 1 hadi 10 hazipimi kasi yake zenyewe. Kitasa kinaamua tu mota ipewe umeme kiasi gani. Volti zikishuka, kasi inashuka na kitasa kiko palepale. Njia ya kutofautisha ni saa. Kama tyubu za asubuhi zinatoka vizuri na za jioni, wakati mtaa mzima umewasha taa na majiko, zinashindwa, pima volti kwenye soketi mashine ikiwa inazunguka. Kama zinashindwa saa zote na hali inazidi kuwa mbaya wiki hadi wiki, fungua uangalie brashi.

Uthibitisho wa mwisho ni takometa ya mwanga. Bandika kipande kidogo cha karatasi inayoakisi juu ya rota, funga kifuniko, elekeza takometa kupitia kidirisha cha juu. Soma baada ya kasi kutulia. Kama mashine haina kidirisha, mpigie fundi mwenye njia salama ya kupima. Usidanganye swichi ya kifuniko ili izunguke ikiwa wazi. Rota yenye kasi hiyo ikitupa kikombe, hakuna atakayekidaka. Kwa mashine yenye kitasa, soma kasi kwa kila namba ya kitasa, rota ikiwa imejaa tyubu kama siku ya kazi, uandike jedwali. Namba 6 ya kitasa haina maana yoyote mpaka takometa iseme ni mizunguko mingapi.

Kabla hujaisema mashine, jambo moja la haraka: tyubu zilizotoka moja kwa moja kwenye friji huwa na jeli ngumu. Ziache zifike joto la chumba. Na kama seramu ina nyuzinyuzi na jeli imepanda vizuri, tatizo si nguvu, ni damu iliyozungushwa kabla haijaganda. Tyubu hizi nyingi zinataka dakika 30 mezani kwanza.

Jeli imepanda nusu, hasa kwenye mizunguko mifupi

Hapa uliza saa ya mashine inaanza kuhesabu lini. Mashine nyingi za kisasa huanza kuhesabu baada ya kufika kasi iliyowekwa, ila si zote. Za saa ya kuzungusha kwa mkono huanza pale unapoigusa, rota ikiwa bado imesimama.

Wakati wa kupanda, nguvu inafuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo nusu ya kwanza ya safari ni karibu kama haipo. Rota ikiwa nusu ya kasi, sampuli inapata robo ya nguvu. Kasi ikipanda kwa mwendo ulio sawa, ukijumlisha yote, muda wa kupanda unalingana na theluthi yake tu kwa nguvu kamili. Dakika 1 ya kupanda ni sekunde 20 za kazi. Kwenye mzunguko wa dakika 10 hilo ni dogo. Lakini mota iliyochoka inayotumia dakika 4 kufika juu inakuachia dakika 6 kamili na dakika 1 na sekunde 20 za kupanda: jumla dakika 7 na sekunde 20, ilhali umeandika 10 kwenye daftari. Kwa jeli ni dakika 6 zile ndizo za kuhesabu, kwa sababu sehemu kubwa ya kupanda iko chini ya kiwango cha kuifanya itiririke.

Pima kwa saa ya simu tangu kubonyeza hadi kasi itulie. Ukiwa na mashine inayohesabu tangu mwanzo, ongeza muda huo juu ya dakika zinazotakiwa. Na andika muda huo wa kupanda kila mwezi: ukianza kurefuka, brashi au fani za mota zinakuambia mapema kabla jeli haijashindwa.

Kusimama nako kuna jambo lake, ila linahusu zaidi plazma isiyo na jeli. Breki kali ikiishusha ile rota ya sentimita 17 kutoka 2,600 hadi sifuri kwa sekunde 10, sampuli inasukumwa kando kwa karibu nusu ya mvutano wa dunia. Juu, penye 1,285, msukumo huo si kitu. Lakini karibu na mizunguko 70 kwa dakika nguvu ya kuzunguka ni mara 1 tu ya dunia, na hapo nusu inatosha kutibua tabaka jembamba la chembe sahani lililo juu ya chembe nyekundu. Plazma iliyotoka na ukungu wakati kasi na muda ni sahihi, zima breki ujaribu tena.

Jeli imelala upande

Kwenye rota ya mshazari hiyo ni kawaida. Nguvu inaelekea nje, tyubu imeinama, kwa hiyo uso wa jeli unakaa ukikabili mhimili, si mdomo wa tyubu. Ilimradi imezunguka ukuta wote na hakuna ufa wa damu upande mmoja, seramu inaweza kutumika. Chunguza ule upande ambao jeli ni nyembamba.

Kwenye vikombe vinavyoning'inia, jeli ya mshazari ni kosa, na kosa liko kwenye pini. Kikombe kinatakiwa kuinuka mapema sana. Nguvu ya kuzunguka ikilingana na ya dunia, kikombe kinakaa digrii 45. Kwa nusukipenyo cha sentimita 17 hiyo ni kama mizunguko 73 tu kwa dakika. Kufikia 300, nguvu ni mara 17 na kikombe kimefika digrii 87. Kwa hiyo kikombe kilichobaki kimeinama kwenye 2,600 hakikukosa nguvu, kimekwama. Zungusha kila kikombe kwa kidole, mashine ikiwa imezimwa. Kinachosita, toa, futa damu kavu na kutu kwenye pini, pakia grisi kidogo iliyoainishwa na mtengenezaji. Kagua pia kama tyubu ndefu inagusa katikati ya rota kikombe kinapoinuka. Kizibo chenye alama ya mkwaruzo kitakuambia.

Mashine inatetemeka, au inasimama na kuandika `IMBALANCE`

Sikiliza mtetemo unatokea kwenye kasi ipi. Ukija kwenye kasi ya chini, ukapita, mashine ikatulia juu, rota inapita kwenye kasi inayolingana na mtetemo wa asili wa vishikizo vyake vya mpira. Kila mashine ina kasi hiyo, na mizani ikiwa nzuri unaisikia kwa sekunde chache tu. Ukiongezeka kila kasi inavyopanda, ni mizani mbovu.

Tofauti ya gramu 5 kati ya vikombe viwili inaonekana ndogo mezani. Chukua katikati ya damu iliyo ndani ya tyubu iko sentimita 14 kutoka mhimili: kwa 2,600 nguvu ni karibu 1,060, kwa hiyo gramu zile 5 zinavuta mhimili kama uzito wa zaidi ya kilo 5, na mvuto huo unageuka upande mara 43 kila sekunde. Kwenye 500 ulikuwa kama gramu 200. Ndiyo maana mashine inaweza kuanza kwa utulivu na kusimama katikati ya kupanda.

Weka tyubu mkabala kwa mkabala, kwa uzito na si kwa idadi. Tyubu iliyojaa haisawazishwi na tyubu tupu. Tyubu ya maji ya ujazo uleule inafaa kwa kazi hii. Damu ni nzito kuliko maji kwa kama asilimia 6 tu, na kwa mililita 5 hiyo ni gramu 0.3. Kikombe chenye matundu mengi kina mizani mbili: kikombe kwa kikombe, na ndani ya kikombe upande huu wa pini na upande ule. Tyubu zote nne zikiwekwa kushoto kwa kikombe, kitainuka kimepinda hata kama uzito wake unalingana na wa mwenzake. Na vikombe vyenyewe huja kwa jozi zilizopimwa kiwandani na kuandikwa namba au uzito ubavuni. Ukiwa umesawazisha tyubu kwa mizani na mashine bado inasimama, soma namba hizo kwanza. Mara nyingi utakuta baada ya kuoshwa vimerudishwa kwenye mikono isiyo yao. Vikiwa sahihi, ondoa tyubu zote, zungusha mashine na vikombe vitupu. Ikitetemeka hivyohivyo, tatizo ni vishikizo vya mpira vilivyokatika au mhimili uliopinda, na mashine hiyo isizungushwe tena mpaka fundi aifungue.